Vielezi vya Kifaransa vyenye -ment: kanuni ya umbo la kike na maneno yanayoikaidi

*Mwalimu, insha yangu ilihusu soko la Kibuye. Niliandika constantement, vraiement, gentillement na énormement kwa kufuata kanuni tuliyopewa darasani: chukua kivumishi cha kike, ongeza -ment. Récamment nikaiandika kama inavyosikika. Yote matano yamepigwa wino mwekundu. Sasa nifuate nini?*
*Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kisumu*

Endelea kuifuata kanuni hiyo hiyo, mwanangu, kwa sababu ni sahihi. Ulichokosa ni historia yake fupi. Vielezi vingi vya -ment viliundwa zamani sana, wakati ambapo umbo la kike la baadhi ya vivumishi halikuwa hili unalolijua leo. Ukijua lilikuwaje, constamment, récemment na gentiment zitajieleza zenyewe. Vraiment ina sababu yake nyepesi. Énormément ndiyo pekee kati ya matano itakayokutaka ukariri.

Tuanze na swali ambalo pengine hukuwahi kuliuliza: kwa nini umbo la kike, wala si la kiume? Kiambishi -ment kimetokana na neno la Kilatini mente, lenye maana ya "kwa akili" au "kwa nia". Nomino yenyewe, mens, ni ya jinsia ya kike. Warumi walipotaka kueleza namna jambo lilivyotendwa, waliweza kusema kwa nia fulani, kwa akili fulani, na kivumishi kilichotangulia kililazimika kupatana na nomino hiyo. Sisi tunafanya vivyo hivyo kila siku. Tunasema amempokea "kwa moyo mkunjufu", amesaidia "kwa nia njema", na hakuna anayesema "kwa nia mwema", kwa kuwa kivumishi hufuata ngeli ya nomino yake. Katika lugha zilizozaliwa na Kilatini, maneno yale mawili yaligandana yakawa moja, lakini upatanisho ukabaki ndani. Ndiyo maana lent haitupi lentment. Inapitia lente kwanza, kisha lentement.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kulijua umbo la kike barabara, na hapa wengi huteleza kabla hata hawajafika kwenye -ment. Doux ni douce, basi doucement. Heureux ni heureuse, basi heureusement. Actif ni active, basi activement. Franc ni franche, tunapata franchement; sec ni sèche, tunapata sèchement, na ile alama juu ya è inakuja nayo. Léger ni légère, basi légèrement. Long ni longue, ile u ikiwekwa ili g isigeuke sauti, basi longuement. Public ni publique, basi publiquement. Fou ni folle, basi follement, wala usishawishike na ile u ya mwishoni mwa fou. Kivumishi ambacho tayari kina e isiyotamkwa katika umbo la kiume, kama facile, rapide au simple, hakibadiliki kwa jinsia, basi unaongeza tu: facilement, rapidement, simplement. Ukiona umekosea kielezi cha aina hii, mara nyingi ugonjwa uko kwenye kivumishi. Rudi ukajifunze umbo lake la kike.

Sasa constantement. Umefanya constant, constante, constantement, na kwa hesabu ya leo huna kosa. Lakini turudi nyuma. Kilatini kilikuwa na vivumishi vya makundi mawili. Kundi moja lilitofautisha kiume na kike: lentus kwa kiume, lenta kwa kike. Kundi la pili halikutofautisha jinsia hizo mbili, na humo ndimo walimokuwa mababu wa constant, prudent, élégant, évident na wenzao. Kifaransa cha zamani kilirithi hali hiyo. Mtu alisema constant kwa mwanamume na constant kwa mwanamke, bila e. Ushahidi wa desturi hiyo unao mdomoni hadi leo. Grand nayo ilikuwa ya kundi hilo, ndiyo maana Wafaransa wanasema grand-mère, bibi, wala si grande-mère.

Basi kielezi kilipoundwa, umbo la kike lilikuwa constant, na kuongeza -ment kukatoa constant-ment. Jaribu kulitamka hilo haraka, t ikiwa imebanwa kati ya n na m. T ikadondoka. N ikajikuta kando ya m, nayo ikageuka m. Matokeo yake ni constamment, yenye m mbili: moja ni ile n iliyogeuka, nyingine ni ya -ment yenyewe. Kwa njia hiyo hiyo courant imetoa couramment, suffisant imetoa suffisamment, na méchant imetoa méchamment. Zile zenye e zikafuata: prudent ikatoa prudemment, fréquent ikatoa fréquemment, patient ikatoa patiemment. Baadaye Kifaransa kiliwapa vivumishi hivi e ya kike kama wengine, tukapata constante na prudente. Vielezi vilikuwa vimeshazoeleka, havikurudi nyuma kurekebishwa.

Katika insha ninazosahihisha hapa Nakuru, kosa linalojirudia sana kwenye kundi hili si constantement yako bali constament, yenye m moja. Mwanafunzi amekumbuka kwamba nt inaondoka, akasahau kwamba n haikupotea bure. Kwa kazi ya kila siku jifunze hivi: futa -nt, weka -mment. Évident inabaki évide-, unaongeza -mment, unapata évidemment. Élégant inabaki éléga-, unapata élégamment. Irabu iliyokuwa mbele ya nt haiguswi kamwe.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo dawa ya récamment. Ulisikia vizuri: récemment hutamkwa kana kwamba imeandikwa kwa a. Sauti ya mwisho ni a-ma, na ile a ya pili inapita puani. Constamment na évidemment huishia kwa sauti ile ile moja. Hata femme, ambayo bila shaka uliijua wiki ya kwanza ya masomo, huandikwa kwa e na kutamkwa kwa a. Sababu ni ile ile kwa zote mbili. Zamani e iliyofuatwa na m au n ilipita puani na kufunguka mpaka ikawa karibu na a. Baadaye, katika maneno kama haya, ikaacha kupita puani lakini ikabaki a. Mwandiko haukuhama.

Kwa hiyo sikio haliwezi kukwambia uandike -amment au -emment. Usilisikilize kabisa hapo. Jiulize kivumishi chake ni kipi na kinaandikwaje. Récent ina e, basi récemment. Courant ina a, basi couramment. Ukikwama mtihanini na hukumbuki kama ni -ant au -ent, tafuta neno la ukoo mmoja ambalo mwandiko wake unaukumbuka. Constance na élégance zina a. Prudence, patience, fréquence, évidence na violence zina e. Hizo nazo husikika sawa mwishoni, kwa hiyo zitakusaidia tu kama umewahi kuzisoma na jicho lako likazizoea. Kiingereza pia kitakusaidia kwa mengi ya haya, kwa kuwa kilichukua maneno hayo kutoka Kifaransa na Kilatini na kikaacha irabu zake mahali pake.

Kundi hili lina watoro wachache. Lent hutoa lentement, na sasa unajua kwa nini: yeye alitoka kundi la kwanza la Kilatini, lile la lentus na lenta, na alikuwa na e ya kike tangu mwanzo. Kuishia kwa -ent ni sadfa tu. Présent hutoa présentement na véhément hutoa véhémentement. Hao ni wa kundi la pili kwa asili, ila walifuata umbo jipya la kike. Grand na fort nao waliunda vielezi upya, tunapata grandement na fortement. Kwa kiwango chako, lentement ndiyo utakayoihitaji mara nyingi. Kuna pia notamment, "hasa", ambayo utaitumia sana kwenye insha. Hiyo imetokana na notant, umbo la kitenzi noter, ndiyo maana ina a ingawa hakuna kivumishi hai cha kuirudia.

Gentillement imeanguka kwa sababu inayofanana. Gentil ilikuwa miongoni mwa vivumishi vilivyokuwa na umbo moja kwa jinsia zote mbili. Gentil ukiunganisha na -ment unapata gentilment. L ikabanwa kama t ya constant, ikatoweka, ikabaki gentiment. Umbo gentille lilikuja baadaye na halikuwa na nafasi tena. Andika gentiment, yenye i moja na m moja, na ujue kwamba hata gentil yenyewe l yake haitamkwi.

Vraiement nayo si kosa la ajabu. Kuna wakati ile e ya kike iliandikwa kweli katika vielezi vya namna hii. Inapokaa baada ya irabu nyingine, e hiyo haisikiki hata kidogo, na hatimaye mwandiko ukaiacha. Kwa hiyo kivumishi ambacho umbo lake la kiume huishia kwa irabu inayotamkwa, yaani é, i, u au ai, hukipeleki kwenye umbo la kike; unaongeza -ment moja kwa moja. Vrai hutoa vraiment, poli hutoa poliment, absolu hutoa absolument, na aisé hutoa aisément. Gai ndiyo hubaki na e yake: gaiement.

Kwenye maneno machache yenye u, e iliyoondoka imeacha kofia juu ya irabu: assidûment, dûment, crûment, goulûment. Ila usitafute mantiki hapa, maana absolument na résolument ni za aina ile ile na hazina kofia. Marekebisho ya tahajia yaliyotangazwa Ufaransa mwaka 1990 yaliona hitilafu hiyo na yakaruhusu kofia hizo zivuliwe, yaani assidument, crument, na vilevile gaiment bila e. Miandiko yote miwili inakubalika. Ushauri wangu ni uandike ule ulio katika kitabu chenu cha darasani, usichanganye miwili katika insha moja.

Imebaki énormément. Vivumishi vilivyotokana na vitenzi, kama assuré na modéré, huzaa vielezi vyenye é kwa njia halali: assurément, modérément, é yao ikiwa ni ile ile ya kivumishi. Sauti hiyo ya -ément ilizoeleka, na vivumishi vingine visivyokuwa na é vikaiga. Ndivyo tulivyopata énormément kutoka énorme, précisément kutoka précis, profondément kutoka profond, communément kutoka commun, confusément kutoka confus, intensément kutoka intense, na immensément kutoka immense. Hakuna alama kwenye kivumishi itakayokwambia huyu ameiga na yule hakuiga. Facile hakuiga, énorme ameiga. Orodha si ndefu, na hiyo niliyoitaja ndiyo inayotumika zaidi.

Ila hapa, tofauti na kule kwa récemment, sikio ni rafiki yako. E ya lentement karibu haisikiki, mtu husema kama "lant-man" huku zile n mbili zikipita puani bila kutamkwa kama n kamili. É ya énormément inasikika wazi, ina silabi yake. Ukisikiliza Kifaransa redioni na ukapata silabi ya "e" kavu kabla ya -ment, andika é. Na kuna mahali ambapo alama hiyo hubeba maana nzima: aveuglément ni kielezi, kufanya jambo kwa upofu bila kufikiri, kumbe aveuglement bila alama ni nomino, upofu wa akili wenyewe.

Kuhusu bon na mauvais sina mengi. Vielezi vyake ni bien na mal, vilivyotoka moja kwa moja kwenye vielezi vya Kilatini bila kupitia mente. Bonnement ipo, lakini leo hukutana nayo hasa katika tout bonnement, "basi tu, bila zaidi", si kwa maana ya "vizuri". Bref nayo hutoa brièvement, kutokana na umbo la zamani brief, kike briève. Hiyo ikariri ilivyo.

Hebu tuyarudishe maneno yako sokoni. Sina insha yako mbele yangu, kwa hiyo nimeandika aya ambayo ingeweza kuwa yako:

Récemment, je suis allée au marché de Kibuye avec ma tante. Il y avait énormément de monde et les vendeuses appelaient constamment les clients. Ma tante les a saluées gentiment, puis elle a longuement discuté le prix du tilapia. C'était vraiment trop cher.

Pitia kielezi kimoja kimoja kama utakavyofanya dakika za mwisho za mtihani. Récemment: kivumishi ni récent, kinaishia -ent, si lent, basi ondoa nt, weka mment, e ibaki. Énormément: kivumishi ni énorme, kanuni ingetoa e tupu, lakini yumo kwenye orodha ya walioiga, na nikilitamka nasikia é. Constamment: constant, a inabaki, m mbili. Gentiment: gentil, l imekwenda. Longuement: long, kike longue, ongeza tu. Vraiment: vrai inaishia kwa irabu inayotamkwa, hakuna e.

Angalia pia neno la mwisho. Sikuandika chèrement, na hata kama ningetumia kitenzi, ningesema le poisson coûte cher. Kuna misemo ambamo kivumishi chenyewe, kikiwa katika umbo la kiume lisilobadilika, hufanya kazi ya kielezi: coûter cher, parler fort, travailler dur, chanter faux. Ukilazimisha -ment hapo, maana inahama. Travailler dur ni kufanya kazi kwa bidii. Traiter quelqu'un durement ni kumtendea mtu kwa ukali. Shangazi yako akisemwa amezungumza durement na wauza samaki, amewafokea.

Kuna jambo moja ambalo kanuni hizi haziwezi kukuonya. Si kila kivumishi kina kielezi. Content kinaishia -ent, na mwanafunzi mwenye bidii ataondoa nt na kuandika contemment, neno ambalo halipo. Mwingine atapitia kike na kuandika contentement. Hilo lipo, lakini ni nomino, "kuridhika", na msahihishaji ataona umeweka nomino palipohitaji kielezi. Ukitaka kusema muuzaji alijibu kwa furaha, andika elle a répondu d'un air content. Ukihitaji namna ya jumla zaidi, d'une manière au d'une façon itakubali kivumishi karibu chochote, na kivumishi hicho kitakuwa cha kike kwa sababu manière na façon ni za kike: d'une façon intéressante. Kabla ya kuliandika neno la -ment ambalo hujawahi kulisoma popote, lifungulie kamusi, uangalie kama limeandikwa humo kuwa kielezi. Kama uko mtihanini na kamusi haipo, tumia d'une façon.